"Hata hivyo" inabishana na nani? Kutafuta ugonjwa wa aya zisizoshikana

Steshenari yangu iko Moshi mjini, mwendo mfupi kutoka stendi. Kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti ndiko kunakolipa pango, ila kazi inayonikalisha mezani hadi jioni ni kunyoosha ripoti: za vikundi vya maji, za vikoba, za vyama vya msingi vya kahawa, kabla hazijasomwa kwenye mkutano mkuu au kupelekwa kwa mfadhili.

Nyingi hunifikia zikiwa na lugha safi. Tahajia iko sawa, takwimu zipo, vichwa vya sehemu vipo. Aliyezileta huwa na lalamiko moja tu: "Haishikani." Halafu huongeza ombi ambalo karibu kila mara ni dawa isiyo ya ugonjwa wake: "Niwekee viunganishi vizuri."

Nitaeleza jinsi ninavyotafuta ugonjwa huo kwa kutumia ripoti moja niliyoishughulikia, ya chama cha msingi huko juu milimani. Namba na mpangilio wa vitongoji nimebadilisha ili wenyewe wasijulikane, lakini makosa ni yaleyale.

Katibu wa chama, kijana mchapakazi, aliingia na kurasa nne. "Shikamoo mama. Mwenyekiti anasema aya zinarukaruka. Nimeongeza 'aidha' lakini bado hajaridhika." Ripoti ilihusu kupungua kwa kahawa iliyopokelewa na chama. Kabla ya kusoma chochote kingine nilinakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi tupu, moja chini ya nyingine:

1. Katika msimu huu chama kilipokea kilo 18,400 za kahawa ya maganda, wakati msimu uliopita kilipokea kilo 26,000.
2. Aidha, mvua za vuli zilichelewa.
3. Vilevile, wanachama wengi wana miti ya zamani.
4. Hata hivyo, bei ya pembejeo ilipanda.
5. Kwa hiyo, kamati inapendekeza kuanzishwa kwa kitalu cha miche.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na ukibaki na kimoja, baki na hiki. Sentensi ya kwanza ya aya ndiyo inayobeba hoja ya aya nzima; sentensi nyingine za aya hiyo kazi yake ni kuithibitisha au kuifafanua. Kwa hiyo sentensi za kwanza zikisomwa peke yake, mfululizo, zinatakiwa kusimulia ripoti yote kwa ufupi. Zikishindwa, kasoro iko kwenye hoja zenyewe au kwenye mpangilio wake, na hakuna kiunganishi kitakachoiziba.

Kipimo cha pili ni kufuta viunganishi vyote kwenye karatasi hiyo na kusoma tena. Uhusiano wa aya mbili ukiwa wa kweli, utauona hata kiunganishi kikiondoka: utapungua wepesi, maana itabaki. Ukipotea kabisa, ujue kiunganishi kilikuwa kinadai kitu ambacho aya hazina.

Ripoti ya katibu ilianguka vipimo vyote viwili. Sasa twende dalili kwa dalili.

Dalili: kila aya inaanza na "aidha", "vilevile", "pia", "isitoshe"

Bonyeza Ctrl+F, andika Aidha, uone idadi. Ripoti hii ilikuwa nazo nane katika kurasa nne.

Viunganishi vya kundi hili vina kazi moja: kuongeza kitu cha aina ileile kwenye kitu kilichotangulia. Sababu juu ya sababu, pendekezo juu ya pendekezo, gharama juu ya gharama. Sasa tazama aya ya 1 na ya 2. Ya kwanza inataja tokeo, yaani kahawa imepungua. Ya pili inataja sababu, kwamba mvua ilichelewa. Sababu si nyongeza ya tokeo. "Aidha" imemwambia msomaji ajiandae kusikia upungufu mwingine, akapewa hali ya hewa. Ndiyo maana mwenyekiti aliona aya zinaruka, ingawa kila sentensi ilikuwa kweli.

Chanzo chake huwa ni jinsi ripoti ilivyoandikwa. Katibu alikaa na daftari la mikutano, akahamisha mambo kwa utaratibu yalivyosemwa kikaoni. Mmoja alinyanyuka akasema mvua, mwingine akasema miti, mwingine akasema bei. Kikao huenda hivyo na si kosa. Ila ripoti ikifuata mpangilio wa wasemaji, mwandishi anajikuta hana neno la kuziunganisha aya isipokuwa "na pia, na pia".

Tiba haianzi na kutafuta neno mbadala. Anza na pembeni ya ile karatasi ya sentensi za kwanza: andika kila moja ni kitu gani. Mimi hutumia maneno mafupi: *tokeo, sababu, ushahidi, pingamizi, pendekezo, sharti*. Ya katibu ilitoka hivi: tokeo, sababu, sababu, sababu, pendekezo. Hapo hapo swali linajitokeza lenyewe. Sababu tatu hizi ziko sambamba, au moja inazaa nyingine? Katibu hakuwa amejiuliza. Nami sikujua jibu, kwa hiyo tulifungua viambatisho.

Dalili: msomaji anauliza "hata hivyo" inapinga nini

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Alikuja siku ya pili na katibu wake, akaketi kwenye benchi la wateja, akavaa miwani. Alipofika aya ya 4 alisimamisha kidole. "Sasa kijana, hii 'hata hivyo' inabishana na nani? Miti ni ya zamani, hata hivyo bei imepanda. Ugomvi uko wapi?"

Ugomvi haukuwepo. "Hata hivyo" inahitaji vitu viwili: jambo lililokubaliwa, na jambo jingine linalokwenda kinyume na vile ambavyo msomaji angetarajia baada ya lile la kwanza. Kipimo chake ni rahisi. Igeuze kuwa sentensi moja yenye "ingawa": *Ingawa miti ni ya zamani, bei ya pembejeo ilipanda.* Haileti maana, maana uzee wa miti haumpi mtu sababu ya kutarajia bei ishuke. Kiunganishi kinaanguka.

Katibu alikuwa mkweli: aliiweka kwa sababu "aidha" zilikuwa zimezidi. Hilo nimeliona mara nyingi. Shuleni tulifundishwa tusirudie neno, tukabeba somo hilo hadi kwenye viunganishi, tukaanza kuvibadilisha kama vitenge. Kumbe "aidha" na "hata hivyo" haziko rafu moja.

Lakini kabla ya kuifuta niliangalia kiambatisho cha mapokezi kwa vitongoji, kwa kuwa mara nyingine kiunganishi kibaya huwa kinaelekeza mahali ambapo pingamizi halisi limejificha. Upungufu wote ulikuwa kilo 7,600. Vitongoji vya chini vilipungukiwa kilo 1,600. Vya juu vilipungukiwa kilo 6,000.

Mzee alivua miwani. Yeye mwenyewe ni mkulima. Mvua za vuli ndizo zinazoamsha maua ya kahawa, na zikichelewa, vihamba vya chini, yaani mashamba ya familia yaliyo kwenye joto na ukavu, ndivyo huumia kwanza. Kama ucheleweshaji wa mvua ndio ungekuwa kisa chote, chini ndiko kungepungukiwa zaidi. Imekuwa kinyume. Hilo sasa ni pingamizi lenye "ingawa" yake: *Ingawa mvua ilichelewa kote, vitongoji vya juu ndivyo vilivyopungukiwa zaidi.* "Hata hivyo" ilikuwa na mahali pake kwenye ripoti, ila haikuwa pale alipoiweka, na aya ya kuibeba haikuwa imeandikwa.

Dalili: aya ina ushahidi mzuri lakini inasomeka kama malalamiko

Hii ndiyo aya ya 4 ilivyokuwa, neno kwa neno:

> Hata hivyo, bei ya pembejeo ilipanda. Wanachama walilalamika kwamba dawa ya kopa ni ghali. Katika ziara ya bwana shamba mwezi wa tano ilionekana matunda machanga mengi yamekuwa meusi hasa vitongoji vya juu. Wanachama 61 kati ya 140 ndio waliopuliza dawa ambapo msimu uliopita walikuwa 112.

Sentensi ya kwanza inasema aya inahusu bei. Sentensi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: matunda machanga yanayogeuka meusi ni chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaopenda ubaridi na unyevunyevu, na kwa hiyo hushika zaidi vihamba vya juu wakati wa masika. Dawa ya kopa, yaani ya madini ya shaba, ndiyo ya kuuzuia. Hapo ndipo penye jibu la kwa nini juu kumeumia kuliko chini. Limezikwa katikati, chini ya kichwa kisicho chake.

Namna ya kulitambua kosa hili: chukua kila sentensi ya aya na uulize, "Hii inathibitisha sentensi ya kwanza?" Weusi wa matunda unathibitisha kwamba bei ilipanda? Hapana. Idadi ya waliopuliza dawa inathibitisha kwamba bei ilipanda? Kidogo, kwa kuzunguka. Sentensi mbili kati ya tatu zikikataa kumtumikia bosi wao, basi bosi si yeye. Mtafute aliye ndani ya aya ambaye wengine wote wanaweza kumtumikia, umpandishe juu. Akikosekana, aya ni mbili zilizogandana, zitenganishe.

Hapa alikuwepo. Tuliiandika upya hivi:

> Tofauti hiyo kati ya vitongoji vya juu na vya chini inaelezwa kwa sehemu kubwa na chulebuni. Katika ziara yake ya mwezi wa tano, bwana shamba alikuta matunda machanga mengi yamekuwa meusi kwenye vihamba vya juu, ambako ubaridi na unyevu wa masika huupa ugonjwa huo nafasi ya kuenea. Wakati huohuo, wanachama waliopuliza dawa ya kopa walikuwa 61 tu kati ya 140. Msimu uliopita walikuwa 112. Wengi wa walioacha walisema wameshindwa bei.

Bei haikupotea. Imeshuka ngazi: ilikuwa hoja, sasa ni sababu ya sababu. Mwenyekiti alitaka tuandike "inaelezwa na chulebuni" bila "kwa sehemu kubwa". Nilimkatalia kwa heshima. Bwana shamba alitembelea baadhi ya vihamba, hakuvihesabu vyote, na sentensi ya kwanza ikidai zaidi ya ushahidi uliomo ndani ya aya, mkaguzi ataanzia hapohapo.

Kuna aina nyingine ya sentensi ya kwanza iliyo dhaifu, ambayo inataja mada bila kusema lolote kuihusu: "Aya hii inahusu mvua", au "Kuhusu suala la pembejeo". Ni bango la barabarani. Kuijaribu, jiulize kama mtu anaweza kuibishia. "Kuhusu suala la pembejeo" haibishiwi. "Bei ya dawa iliwafanya wanachama wengi waache kupuliza" inabishiwa, kwa hiyo ina kazi ya kuthibitishwa, na aya inapata sababu ya kuwepo.

Dalili: "hiyo" nyingi, na msomaji anarudi juu kutafuta inayozungumziwa

Kiswahili kina gundi ambayo naiona bora kuliko viunganishi vingi: viashiria vya *huo, hiyo, hilo, hayo, hizo*, vinavyorejelea kilichokwisha kutajwa. "Upungufu huo", "tofauti hiyo", "miti hiyo". Aya mpya ikianza na nomino iliyobeba maana ya aya iliyopita pamoja na kiashiria chake, imeshafungwa kwa nyuma, na huhitaji "aidha" wala "vilevile". Msomaji anaingia akiwa ameshika kitu anachokijua, ndipo anapewa kipya.

Gundi hiyo huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuacha nomino. Katibu alikuwa na sentensi iliyoanza, "Hiyo ilisababisha wanachama kukata tamaa." Hiyo ipi? Sentensi zilizotangulia zilikuwa na *bei, mvua, kahawa, dawa* na *hali*, na zote ukizitaja kwa umoja huitwa "hiyo". Hata *miti*, ambayo ni wingi wa *mti*, nayo ni "hiyo". Upatanisho wa kisarufi, ambao kwa kawaida hutusaidia, hapa haukumtenga hata mmoja. Andika "Bei hiyo ilisababisha..." na mashaka yanaisha.

Ya pili ni kuweka nomino isiyobeba kitu. "Hali hiyo imesababisha..." ni kipenzi cha waandishi wa ripoti, nami nimeitumia miaka mingi. Inafaa pale aya iliyopita ilipoeleza jambo moja tu. Ikiwa ilieleza matatu, "hali hiyo" ni gunia. Badilisha "hali" kwa jina la kitu chenyewe: ucheleweshaji huo, ongezeko hilo, mgongano huo, pengo hilo. Ukishindwa kulipata jina, mara nyingi ni kwamba aya iliyopita haina hoja moja. Rudi uitibu yenyewe kwanza.

Dalili: pendekezo linatokea ghafla, likiongozwa na "kwa hiyo"

Aya ya 4: bei ya pembejeo ilipanda. Aya ya 5: kwa hiyo tuanzishe kitalu. Mtu wa nje angetarajia tununue dawa kwa pamoja, au tuombe mkopo. Kitalu kimetoka wapi?

"Kwa hiyo", "hivyo basi" na "ndiyo maana" zote zinadai kwamba kilichotangulia kinatosha kutufikisha kwenye kinachofuata. Kosa la kawaida ni kwamba msingi upo, lakini uko aya mbili nyuma na katikati kumeingia kitu kingine. Kitalu kilitegemea aya ya 3, ya miti ya zamani. Kwa hiyo kabla ya kufuta "kwa hiyo", ichukulie kama ishara: tafuta aya inayoibeba kweli, na uisogeze iwe jirani yake.

Ukiuliza swali la "kwa nini tena" mara moja zaidi, hata hiyo aya ya 3 haikutosha. Miti kuwa ya zamani si tatizo lenyewe. Migomba ya babu bado inazaa. Tatizo ni kwamba aina za zamani za kahawa hazistahimili chulebuni, hivyo zinamtegemea mkulima apulize dawa kila msimu, wakati miche chotara inayotoka kituo cha utafiti cha Lyamungo ilizalishwa mahsusi kustahimili ugonjwa huo na kutu ya majani pia. Mwenyekiti na katibu walilijua hilo usingizini. Ndiyo sababu halikuandikwa: anayejua jambo sana haoni kwamba amelirukia. Kiungo kilichopotea kilikuwa kichwani mwao, na "kwa hiyo" ilikuwa inaruka juu ya shimo.

Baada ya kazi hiyo, karatasi ya sentensi za kwanza ilisomeka hivi:

1. Msimu huu chama kilipokea kilo 18,400 za kahawa ya maganda, pungufu kwa kilo 7,600 kuliko msimu uliopita.
2. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kuchelewa kwa mvua za vuli.
3. Hata hivyo, mvua haiwezi kueleza upungufu wote, kwa kuwa vitongoji vya juu vilipungukiwa zaidi kuliko vya chini.
4. Tofauti hiyo kati ya vitongoji vya juu na vya chini inaelezwa kwa sehemu kubwa na chulebuni.
5. Wanachama wanategemea dawa dhidi ya ugonjwa huo kwa sababu miti yao mingi ni ya aina za zamani zisizoustahimili.
6. Kwa hiyo kamati inapendekeza chama kianzishe kitalu cha miche chotara.
7. Hata hivyo, miche hiyo itachukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kutoa mavuno.
8. Katika kipindi hicho, kamati inapendekeza dawa ya kopa inunuliwe kwa pamoja kabla ya masika.

Hesabu viunganishi vinavyoanzisha aya. "Hata hivyo" mbili, "kwa hiyo" moja. Kazi iliyobaki imefanywa na *huo, hiyo, hicho*, pamoja na mpangilio. Aya ya 7 na ya 8 hazikuwepo kabisa katika rasimu ya kwanza, zilizaliwa pale mwenyekiti alipoisoma ya 6 kwa sauti na kusema, "Wataniuliza, mwenyekiti, hiyo miaka ya katikati tule nini?"

"Aidha" nazo hazikufutwa zote nane. Moja ilibaki ndani ya aya ya 6: baada ya kueleza kwamba miche chotara inastahimili chulebuni, tuliandika, "Aidha, inastahimili kutu ya majani." Sifa juu ya sifa, ya kitu kilekile. Kwa uzoefu wangu makao ya kawaida ya neno hilo ni humo ndani ya aya, au kati ya aya mbili zilizo sambamba kweli, kama pendekezo la kwanza na la pili.

Maneno manne ya kuchunguzwa hata ripoti ikiwa nzima

*Pamoja na hayo.* Hili ni hatari kwa sababu lina maana mbili zinazopingana. Wapo wanaolisoma kama "zaidi ya hayo", na wapo wanaolisoma kama "licha ya hayo". "Wanachama walipata mafunzo ya kupuliza dawa. Pamoja na hayo, waliopuliza walikuwa wachache." Hapa muktadha unaokoa. Lakini chukua: "Chama kilipata mkopo. Pamoja na hayo, kiliuza trekta." Kiliuza kwa kuongezea fedha, au kiliuza ingawa hakikuwa na haja? Kwenye ripoti rasmi mimi naandika moja kati ya yale mawili yaliyo wazi na kuliacha hili kwa mazungumzo.

*Aidha... au.* "Mwanachama aidha alipe au arejeshe dawa." Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya "pia", na ripoti hiyohiyo inalitumia kwa maana hiyo kwingineko. Msomaji akikutana na zote mbili kwenye ukurasa mmoja ataduwaa. Andika "ama alipe ama arejeshe".

*Kufuatia.* Limejaa kwenye habari za redio. "Kufuatia kupanda kwa bei, wanachama waliacha kupuliza." Linasema kimoja kilikuja baada ya kingine, huku likimwachia msomaji adhani kimoja kilisababisha kingine. Kama una ushahidi wa sababu, andika "kwa sababu ya" au "kutokana na". Kama huna, andika "baada ya" na uishie hapo. Vilevile usiseme "kutokana na taarifa ya bwana shamba" ukimaanisha alivyosema. Hiyo ni "kwa mujibu wa".

*Ambapo.* Kazi yake ni mahali, au wakati: "kikao ambapo uamuzi ulifikiwa". Katika ripoti limekuwa uzi wa kushonea chochote: "waliopuliza ni 61 ambapo msimu uliopita walikuwa 112". Mara nyingi dawa ni nukta, au nukta-mkato. Ukitaka kulinganisha, "ilhali" ipo na haina mashaka, tofauti na "wakati", ambayo inaweza kusomwa kama ulinganisho au kama saa. Katibu alikuwa ameshaitumia "wakati" hivyo kwenye aya ya 1, na hatukuona hadi siku ya mwisho.

Kuhusu "ingawa... lakini" katika sentensi moja, watu hubishana. Kwa mdomo naitumia. Kwenye ripoti naiacha "ingawa" peke yake, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sehemu moja ya ripoti hatukuipitisha kwenye vipimo hivi: jedwali la mapokezi, orodha ya vifaa na bajeti ya kitalu. Vipande vya namna hiyo vina vichwa vyake na namba zake, na msomaji huvifungua akitafuta kitu fulani. Katibu alikuwa ameanza kila kipengele cha bajeti kwa "vilevile". Tulizifuta zote, ukurasa ukapungua mistari sita, na akalipia kopi thelathini.